Roboti inasema milisekunde 3, oda inafika imechelewa

*Nina roboti niliyoiandika mwenyewe kwa Python. Inasoma bei kwa websoketi na kutuma oda ya soko bei ikivunja kilele cha dakika 15 zilizopita. Logi inaonyesha kwamba tangu bei iingie hadi oda itoke ni milisekunde 3 tu, lakini bei ninayopata karibu kila mara ni mbaya kuliko ile niliyoiona. Je, nikodi seva iliyo karibu na soko, au napima vibaya?*

Unapima vibaya, na seva usikodi kwanza. Hizo milisekunde 3 ni za kweli, ila ni za kipande kidogo cha safari, tena kile ambacho hakina shida. Kwa maelezo yako nadhani muhuri wa kwanza wa muda unaupiga baada ya `recv()` kukupa ujumbe, na wa pili unaupiga mstari mmoja kabla ya kuita kazi ya kutuma oda. Kabla ya muhuri wa kwanza kuna foleni usiyoiona, na baada ya wa pili kuna shughuli ya mtandao usiyoihesabu.

Tuanze na foleni. Ujumbe wa bei ukifika kwenye mashine yako hauingii moja kwa moja kwenye programu. Mfumo endeshi huupokea na kuuweka kwenye bafa ya soketi, kisha maktaba ya websoketi huuchomoa na kuupanga kwenye foleni yake yenyewe. Hapo unakaa hadi mzunguko wako umalizane na ujumbe uliotangulia na kuita `recv()` tena. Muda wote huo wa kukaa haumo kwenye logi yako, kwa sababu saa yako inaanza kuhesabu pale unapouchukua ujumbe, si pale ulipofika. Ni kama kumpima mgonjwa muda kuanzia anapoingia kwa daktari, na kuzisahau saa alizokaa kwenye benchi.

Siku tulivu jambo hili halina madhara, benchi ni tupu. Sasa tazama soko likichangamka. Tuseme kila ujumbe unaichukua roboti yako milisekunde 4 jumla: zile 3 zako, pamoja na 1 ya kuandika logi kwenye diski. Maana yake uwezo wake wote ni jumbe 250 kwa sekunde. Bei inavunja kilele, kila mwenye roboti anarusha oda, na soko linaanza kutuma jumbe 400 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 zimefika jumbe 800, umeshughulikia 500, na 300 ziko kwenye foleni. Ujumbe unaofika wakati huo utakuwa na umri wa sekunde 1.2 utakapouchukua, kwa kuwa 300 mara milisekunde 4 ndiyo hiyo. Roboti inaona bei "imevunja", inatuma oda kwa haraka yake yote ya milisekunde 3, na logi inaandika 3. Bei yenyewe ilikuwa ya zamani kabla hujaigusa.

Na mkakati wako ni wa kuvunja kilele. Oda zako hazitoki wakati wa utulivu. Zinatoka hasa ndani ya hizo sekunde chache ambazo benchi limejaa. Ukichukua wastani wa tiki zote za siku, maelfu ya tiki za usiku wa manane yatazika zile 40 zilizozaa oda, na utapata namba nzuri isiyohusiana na pesa yako. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kupima kuchelewa kwa oda, siyo kwa tiki. Kila oda ibebe mihuri yake yote, na takwimu zitoke kwenye oda peke yake.

Foleni utaijuaje sasa, wakati haionekani? Kwa kutumia muhuri wa soko lenyewe. Masoko mengi huandika kwenye ujumbe saa lilipoutoa. Katika mkondo wa miamala wa Binance, kwa mfano, uga huo ni `E`, na kuna mwingine `T` ambao ni saa muamala wenyewe ulipofanyika, zote kwa milisekunde. Piga muhuri wako mara tu `recv()` inaporudi, kabla hata ya kufumbua JSON:

```python
ghafi = await ws.recv()
saa_ukuta = time.time_ns()
saa_mwendo = time.perf_counter_ns()
m = json.loads(ghafi)
umri = saa_ukuta / 1e6 - m["E"]   # milisekunde
```

Nimepiga mihuri miwili makusudi. `time.time_ns()` ni saa ya ukutani, ile inayojua ni tarehe ngapi. Ndiyo pekee inayoweza kulinganishwa na saa ya soko. Lakini inaweza kusogezwa mbele au nyuma na huduma ya kusawazisha saa katikati ya kipimo, na ukiona kwenye logi muda ulio hasi, mara nyingi chanzo ni hicho. Kwa hiyo muda wowote unaoanza na kuishia ndani ya mashine yako upime kwa `perf_counter_ns()`, ambayo hairudi nyuma kamwe.

Ukitazama `umri` kwa mara ya kwanza utashtuka. Inaweza kusoma 340, au hata hasi 60. Usiende kugombana na saa. Namba hiyo ni jumla ya vitu vitatu: tofauti kati ya saa yako na saa ya soko, muda wa njiani, na muda wa foleni. Viwili vya kwanza havibadiliki sana ndani ya dakika moja. Cha tatu ndicho kinachopanda na kushuka. Basi chukua umri mdogo kuliko wote katika dakika iliyopita, huo ndio ujumbe uliokuta njia nyeupe na benchi tupu, kisha uutoe kwenye umri wa kila ujumbe:

```python
ziada = umri - min(umri_dakika_iliyopita)
```

Kinachobaki ni kuchelewa kwa ziada, na huhitaji saa mbili zilizopatana ili kukijua. Dirisha liwe fupi kwa sababu saa za kawaida za kompyuta zisiposawazishwa hupotoka: ikipotoka sehemu 20 katika milioni, ni milisekunde 1.2 kwa dakika, jambo la kuvumilika, lakini kwa saa nzima ni 72, nazo zitakupotosha. Dirisha fupi nalo lina mtego wake: soko likichacha kwa dakika nzima bila kupumua, hata ujumbe mdogo kuliko wote utakuwa umekaa kwenye foleni, na ziada itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana mimi huacha chombo cha kusawazisha saa kikimbie, `chronyd` kwa kawaida, na kurefusha dirisha hadi dakika 10. Na kwa kuwa muhuri wa soko ni wa milisekunde nzima, usijisumbue na tofauti ya ziada ya 1 na 2.

Ukiona ziada iko karibu na sifuri wakati wa utulivu na inaruka hadi mamia wakati wa oda, umepata jibu. Hakikisha tu kwamba foleni ni ya kwako. Linganisha `E` na `T` kwenye ujumbe huohuo: pengo hilo likipanuka, soko lenyewe limechelewa kutoa taarifa, na hakuna seva ya kukodi itakayoliponya. Likibaki lilelile huku ziada ikipanda, angalia mzunguko wako: ikiwa `recv()` inarudi papo hapo kila unapoiita, bila kusubiri, jumbe zilikuwa zimeshafika na wewe ndiwe uliyechelewa kuzichukua. Ikiwa inasubiri na bado ziada ni kubwa, tatizo liko njiani. Kipimo hiki kidogo cha "nilisubiri au sikusubiri" kimeniokolea siku nyingi za kulaumu mtandao.

Dawa ya foleni ya ndani haina gharama. Tenganisha kusoma na kufikiri: kazi moja isome jumbe na kuweka bei ya mwisho tu mahali pamoja, kazi nyingine ichukue iliyopo na kuamua. Jumbe 300 zilizosubiri zinamezwa kwa kasi ya kufumbua JSON peke yake, na hesabu ya milisekunde 4 inafanywa mara moja juu ya bei mpya kuliko zote. Logi nazo zikusanyike kwenye kumbukumbu na kuandikwa diskini pembeni. Angalizo moja: kama kilele chako unakijua kutokana na miamala, huwezi kutupa jumbe za katikati ovyo. Msomaji ashike pia bei ya juu na ya chini tangu mara ya mwisho mwamuzi alipochungulia, vinginevyo kilele kilichoguswa kwa nusu sekunde kitakupita. Wanaotumia MetaTrader 5 wana ugonjwa tofauti. Huko, `OnTick` ikiwa bado inafanya kazi, tukio jipya la tiki haliongezwi kwenye foleni, kwa hiyo bei haizeeki bali tiki zinapotea, na inabidi kuziokota kwa `CopyTicks`.

Sasa upande wa pili, baada ya muhuri wako wa mwisho. Ukituma oda kwa `requests.post(...)`, kila mara unafungua muunganisho mpya. Kufungua TCP ni safari moja ya kwenda na kurudi, na TLS 1.3 inaongeza nyingine moja. Toleo la 1.2 linaongeza mbili. Kama kwenda na kurudi sokoni ni milisekunde 90, oda yako inasubiri 180 kabla herufi yake ya kwanza haijaondoka, ukiacha muda wa kulitafuta jina la seva. Ukitumia `requests.Session()` muunganisho unabaki wazi na gharama hiyo inaondoka.

Karibu inaondoka, kwa kweli. Roboti ya mtu binafsi hutuma oda chache, labda moja kwa saa, na seva za soko hufunga muunganisho uliokaa kimya. Unajaribu oda tano mfululizo wakati wa majaribio, ya kwanza tu ndiyo inayochelewa, unasema hiyo ni ya kupasha injini moto na unaitupa kwenye takwimu. Halafu kwenye kazi halisi kila oda ni ya kwanza. Mimi mwenyewe niliendesha utaratibu namna hiyo kwa miezi, nikijivunia namba ambazo hazikuwahi kutokea hata mara moja kwenye oda ya pesa. Dawa ni kutuma ombi jepesi, kama la kuuliza saa ya seva, kila baada ya sekunde kadhaa ili njia isipoe, au kutuma oda kwa websoketi pale soko linaporuhusu.

Kwa hiyo kila oda iandikiwe vitu vinne: ziada ya ujumbe uliozaa uamuzi, muda wa kuamua, muda tangu uite kazi ya kutuma hadi jibu lirudi, na bei uliyoiona pamoja na uliyoipata. Cha tatu kinapimwa chote kwa saa yako ya mwendo, hakuna ubishi wa saa mbili. Ukitaka kukisia oda ilifika lini sokoni, toa nusu ya safari ya kwenda na kurudi, ukijua kwamba njia ya kwenda na ya kurudi si lazima zilingane.

Baada ya hapo ndipo unapoweza kuuliza kama inafaa kulipia kasi. Swali hilo halijibiwi na milisekunde, linajibiwa na bei. Fanya hivi: kwa wiki chache rekodi bei za kununua na kuuza kwa programu nyingine kabisa, isiyofanya lolote ila kuandika, na uziweke kwa muhuri wa soko. Kisha chukua kila oda yako, tafuta saa ya soko ya ujumbe ulioizaa, na uulize: ningenunua wakati huohuo ningelipa ngapi? Na baada ya milisekunde 50? 200? Sekunde 1? Sekunde 5? Tofauti iandike kwa pointi za msingi, yaani sehemu moja katika elfu kumi ya bei; kwa oda za kuuza geuza alama. Wastani wa oda zote kwa kila ucheleweshaji unakupa mchoro wa gharama ya kuchelewa.

Kwa utaratibu unaoamua bei inapofunga saa nzima na kushikilia kwa siku mbili, mchoro huo kwa kawaida ni mstari uliolala. Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Kitu kinachotikisika asilimia 1 kwa siku ya saa 24 kinatikisika takriban pointi 0.34 kwa sekunde, maana mtikisiko hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, na kipeuo hicho cha sekunde 86,400 ni karibu 294. Kwa milisekunde 300 ni pointi 0.19. Tena nusu ya mara inakwenda upande wako. Mtu anayelipa ada ya pointi kadhaa kwa kila oda halafu anahangaika na hiyo 0.19 angefanya vizuri kuangalia ada.

Wewe hauko hapo, kwa sababu kuvunja kilele kunakwenda pamoja na bei kuendelea kukimbia upande uleule. Kuchelewa kwako hakuna nusu nzuri. Lakini soma umbo la mchoro, siyo tu kimo chake. Tuseme, kwa mfano, unapata hivi: milisekunde 20 zinagharimu pointi 1, 50 zinagharimu 2.5, 250 zinagharimu 3.3, 600 zinagharimu 3.8, na baada ya sekunde 1 mstari unalala kwenye 4. Faida ya mkakati kabla ya kuchelewa ni pointi 6. Mtu akiona hivyo anakimbilia kukodi seva. Tazama vizuri: sehemu kubwa ya gharama inaliwa ndani ya milisekunde 50 za kwanza, na wanaoila wana mashine ndani ya jengo la soko. Ukitoka 600 hadi 250 unaokoa nusu pointi tu. Kuchelewa kunakuumiza, na bado kukipunguza kwa kiasi unachokiweza hakukusaidii sana. Mchoro mwingine wenye gharama ileile ya 4, ila unaopanda polepole kutoka 0.5 kwenye milisekunde 250 hadi 4 kwenye sekunde 1, unasema kinyume: kuondoa ile foleni ya sekunde 1.2 peke yake kungebadilisha matokeo yako.

Usiuamini mchoro wa oda 20. Kama bei za oda moja moja zinatawanyika pointi 3 kuzunguka wastani, kosa la wastani wa oda 20 ni takriban 0.67, na nusu pointi haitaonekana humo. Kwa oda 200 kosa linashuka hadi 0.21, na hapo nusu pointi inaanza kuonekana.

Halafu kuna sehemu ya bei mbaya ambayo haitokani na muda hata kidogo. Kama roboti yako inatazama bei ya muamala wa mwisho lakini inanunua kwa bei ya muuzaji, tofauti hiyo utailipa hata ukikaa juu ya seva ya soko. Na oda ikiwa kubwa kuliko kiasi kilichopo kwenye bei ya kwanza, inakula ngazi zinazofuata. Namna ya kutenganisha ni kulinganisha bei uliyoipata na bei ya muuzaji iliyokuwepo oda ilipofika: pengo hapo si la kuchelewa. Oda ya kukata hasara inayokaa kwenye seva ya broka nayo haisubiri roboti yako. Itoe kwenye hesabu hii.

Kwa mpangilio, ningeanza na kutenganisha kusoma na kufikiri, kisha kuacha muunganisho wazi, kisha kurekodi oda 200 zenye mihuri yote. Seva ya karibu inapunguza kitu kimoja tu, safari ya njiani: kwenye nyuzi za mwanga ni takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000 upande mmoja, na njia halisi huwa ndefu kuliko mstari wa ramani. Kama baada ya marekebisho hayo kipande cha njiani ndicho kikubwa kilichobaki, na mchoro wako bado unapanda kwa kasi mahali ulipo, ikodi kwa mwezi mmoja na uendeshe roboti hiyohiyo pande zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikituma oda na nyingine ikiandika tu ziada yake na bei aliyokuwa nayo muuzaji ilipoamua.